Kilo tatu zimeongezeka, kujivuta kumeshuka: tatizo liko kwenye sahani au kwenye tizi?

"Kocha shikamoo. Mi nipo Mbagala, nina miaka 23, urefu sm 172. Miezi miwili nyuma nilikuwa kilo 61, napiga tizi nyumbani tu, jimu sina uwezo nayo. Niliambiwa ili nijae nile sana, nikala, sasa nina kilo 64. Ila pushapu bado 25 zilezile, kujivuta kwenye bomba nimeshuka toka 6 hadi 4, na tumbo linaanza kuonekana. Asubuhi nakula chapati mbili na chai ya rangi, mchana ugali maharage, jioni zege na soda. Tizi ni kila siku asubuhi pushapu seti 3 za 20, kujivuta kidogo na skwati. Nipunguze kula au niongeze? Na protini ya kopo siwezi kununua."

Marahaba mdogo wangu. Umenipa namba, na hilo limenirahisishia sana kazi maana wengi wanaandika tu "kocha nataka kujaa" halafu basi, sasa hapo mtu unaanzia wapi.

Tuanze na hilo la kujivuta, ndo linalokutisha na ndo limebeba jibu. Mtu wa jimu chuma chake kina kilo zimeandikwa ubavuni, akila akanenepa chuma hakibadiliki. Wewe chuma chako ni mwili wako mwenyewe, kwa hiyo kila kilo unayoongeza mezani unaenda kuinyanyua kesho yake kwenye bomba. Kwenye kujivuta unanyanyua karibu mwili mzima. Kwenye pushapu ya kawaida mikono inabeba kama asilimia 64 ya uzito wako, iliyobaki inabebwa na miguu. Kwahiyo zile kilo tatu ulizoongeza, kwenye pushapu umezisikia kama kilo mbili, kwenye bomba umezisikia zote tatu.

Kuna hesabu ndogo makocha wanaitumia kukadiria nguvu ya mtu, unachukua uzito unaonyanyua unauzidisha na moja jumlisha mara ulizorudia gawanya kwa thelathini. Haifai ukishapita mara 10 au 12 hivi, ila kwa kujivuta kwako inafaa kabisa. Ona:

```
61 × (1 + 6/30) = 73.2
64 × (1 + 4/30) = 72.5
```

Unaona hapo? Nguvu yako haijashuka. Imebaki palepale, tofauti ya nusu kilo na kitu hapo ni kama hakuna. Kilichobadilika ni kwamba umejifunga mzigo wa kilo tatu kiunoni na mzigo wenyewe hausaidii kuvuta, maana kama sehemu nzuri ya zile kilo ingekuwa msuli wa mgongo na mikono hiyo namba ya pili ingepanda. Pushapu zako 25 kwa uzito mpya zinaonyesha labda kifua kimepata kitu kidogo, sikatai, lakini pushapu ikishazidi 20 inapima pumzi na uvumilivu kuliko nguvu, inadanganya. Ukiwa huna chuma, hakimu wako ni bomba.

Na mi nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Kipindi nilikuwa na kilo 68, najivuta mara 12, nikaanza kunywa jagi zima la parachichi, maziwa na karanga kila usiku juu ya chakula cha kawaida, nikafika 76 najiona simba, siku nashika bomba nikaishia 7. Nikalaumu bomba eti linateleza. Piga hesabu ileile hapo juu uone ilitoka ngapi na ngapi, utacheka.

Haya, sasa swali lako la nipunguze au niongeze. Jibu ni kwamba kalori punguza kidogo, protini ongeza sana, na tizi lenyewe libadilike, na hivi vitatu vinaenda pamoja, ukichukua kimoja ukaacha viwili utanirudia hapa baada ya miezi mitatu na malalamiko yaleyale.

Kalori unajuaje umezidisha kiasi gani? Mzani wako umeshasema. Kilo tatu kwa wiki nane ni kama gramu 375 kwa wiki. Kwa makadirio kilo moja ya mwili ni kalori 7,700 hivi, kwa hiyo ulikuwa unazidisha kama 400 kila siku. Mimi nimejumlisha chakula ulichonitajia: chapati mbili za mtaani 600, sukari ya chai 50, ugali wa unga robo kilo 900, maharage kikombe na mafuta yake na mboga kama 350, zege 800 hivi kwa sababu mafuta yake hayana mchezo, soda 150. Inafika kama 2,850. Toa zile 400, unapata 2,450, hiyo ndo inayokuweka pale pale bila kupanda wala kushuka. Sio namba ya maabara, inaweza kupishana kwa 100 au 200 kulingana na chapati ya mama gani, lakini imetoka kwenye mwili wako na mzani wako.

Mtu wa uzito wako anayetaka msuli bila tumbo anatakiwa kupanda kama gramu 150 hadi 300 kwa wiki, basi. Msuli unajengwa taratibu mno, ukimwaga chakula zaidi ya hapo haujengwi haraka, kinachozidi kinaenda kukaa hapo kwenye mkanda.

Sasa protini. Hapa ndo umeumia zaidi na wala hujui. Chapati mbili zina kama gramu 14, ugali wako gramu 20 (watu wanashangaa, ndio, unga wa mahindi una protini ila kidogo kwa ujazo wake), maharage kikombe cha yaliyoiva 15, zege yenye mayai mawili 17. Jumla 66. Ukigawa kwa kilo 64 ni gramu moja tu kwa kila kilo. Kuna uchambuzi ulitoka 2018 ulikusanya tafiti 49 za watu wanaofanya mazoezi ya nguvu, ukaona faida ya kuongeza protini inaendelea hadi kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ukizidisha hapo kinachoongezeka hakionekani sana. Kwako 1.6 mara 64 ni gramu 102. Yaani ulikula kalori za mtu anayejenga na protini ya mtu anayekaa ofisini.

Kwahiyo hapo kuna pengo la gramu 36 na linatakiwa lizibwe bila kuongeza kalori, tena ukipunguza 350. Ukitaka kuliziba kwa kuongeza maharage tu utahitaji zaidi ya vikombe viwili juu ya kile unachokula, tumbo litakuwa ngoma na kalori zitarudi kulekule. Hapa ndo dagaa na mayai wanaingia, sio kwa sababu ni vya ajabu ila kwa sababu vina protini nyingi kwa kalori chache.

Mimi ningekupangia hivi. Asubuhi chapati moja badala ya mbili, mayai matatu ya kuchemsha, na chai iwe ya maziwa, weka maziwa kikombe kizima, sukari kijiko kimoja. Hapo una protini 33 na kalori 690 hivi. Mchana ugali uleule ila wa unga gramu 200 badala ya 250, maharage yawe kikombe kimoja na nusu, mboga ya majani, mafuta ya kupikia kijiko kimoja kikubwa usimimine kwa macho, maana kijiko kimoja tu ni kalori 120 na wapishi wetu wanamimina vinne. Hapo protini 40, kalori 1,200 hivi. Jioni wali wa mchele gramu 100 mkavu, dagaa wakavu gramu 40 waliokaangwa na nyanya na kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, hapo protini 29 na kalori 610. Jumla protini 102, kalori 2,500. Zege ibaki ya Jumamosi, sijakukataza, na soda ikikaa pembeni siku za kawaida utaona tu.

Najua huna mzani wa jikoni, wala usinunue. Nunua dagaa robo kilo gawanya mafungu sita kwa macho, kila fungu ni kama gramu 40, ndo la siku moja. Unga kilo moja ule siku tano. Maharage kilo moja makavu yakupeleke siku tisa hivi. Ukiona kilo ya unga imeisha siku ya tatu basi umejua ulipokosea bila kupima chochote. Dagaa wa Mwanza wengine wana mchanga kwa sababu wanaanikwa chini, waloweke kwenye maji ya moto dakika chache, wasugue, mwaga, rudia, wale wa Kigoma ni wasafi zaidi ila bei yake nayo imesimama. Maharage yaloweke usiku mwaga yale maji upike na mengine, gesi inapungua.

Ugali na maharage usiudharau lakini. Mahindi yana upungufu wa kijenzi kimoja cha protini ambacho maharage wanacho kingi, na maharage wana upungufu wa kile ambacho mahindi wanacho, wakikaa sahani moja wanafidiana. Tatizo lake ni ujazo tu, kama nilivyokwambia. Na mayai yapike. Kuna vijana wanavunja mayai mabichi kwenye glasi wanakunywa huku wamefumba macho, yai bichi mwili unachukua kama nusu tu ya protini yake, likiiva unachukua asilimia 90, kwahiyo wanateseka bure na hatari ya kuharisha juu.

Protini ya kopo sahau kabisa, kijiko chake kimoja ni kama gramu 24, hizo ni mayai manne. Hakuna kilichomo ambacho huna. Kitu kimoja tu, kama una tatizo la figo, kisukari au presha, usibadilishe protini kabla hujaongea na daktari, namba hizi ni za mtu mwenye afya nzuri.

Sasa tizi, maana chakula hakijui kiende wapi kama hakuna kazi mpya. Wewe unafanya seti 3 za 20 wakati uwezo wako ni 25, yaani kila seti unaacha tano, kila siku, miezi miwili, kitu kilekile. Mwili umeshaelewa hiyo kazi, haujengi tena kwa sababu hauna sababu. Seti inajenga msuli ikiisha umebakiwa na mbili au tatu tu ambazo ungeweza, na ikiwa kati ya mara 5 hadi 30, na mimi kwa nyumbani napenda 8 hadi 15 ili isigeuke pumzi.

Basi panda juu: weka miguu kwenye kiti au ukingo wa kitanda, kimo cha kama sm 60. Hapo mikono inabeba asilimia 74 badala ya 64, kwako ni kutoka kilo 41 kwenda 47, kama umeongezewa kilo sita bila kununua kitu. Utashangaa 25 zako zimegeuka labda 13. Fanya seti 4, siku tatu kwa wiki, Jumatatu Jumatano Ijumaa, sio kila siku. Ukifikisha 15 kwenye seti zote nne, shuka polepole kwa kuhesabu tatu, na hiyo ikizoeleka vaa begi la mgongoni lenye maji lita tano, hizo ni kilo tano kamili, kisha lita nane na kuendelea. Kwenye bomba fanya seti 5 za mara 3, na mwisho panda kwa kuruka halafu shuka taratibu kwa sekunde tano, mara tatu nne. Miguu fanya skwati ya mguu mmoja ukikalia kiti na kuinuka, ile ya miguu miwili ya mara 50 ni kupoteza muda wako.

Kinachofuata ni kusoma majibu, na hapa watu wengi wanaharibu kwa kupima vibaya. Yule kijana wa mzani wa barabarani ni sawa tu, ila usipime leo na kaptura kesho na jinzi na viatu baada ya ugali. Ukila ugali mwingi na chumvi jana, leo unaweza kuonekana umepanda kilo nzima na ni maji tu. Tafuta mzani mmoja, duka la dawa la karibu linatosha, pima asubuhi kabla ya kula, nguo zilezile, mara tatu kwa wiki, andika wastani. Linganisha wastani na wastani, namba ya siku moja usiiangalie. Na ile futi ya fundi cherehani zungusha kitovuni mara moja kwa wiki, usivute tumbo ndani, unamdanganya nani.

Wiki nne za kwanza sitaki upande. Baki 64, protini 102, tizi jipya. Nachotegemea ni kiuno kibaki au kipungue sentimita moja hivi, na bomba lirudi 5, ukibahatika 6. Mara 6 ukiwa na 64 hesabu inatoka 76.8, hiyo ni nguvu mpya kabisa, na imepatikana bila kuongeza hata gramu moja ya mwili. Inawezekana kwa sababu bado uko mwanzoni na ulikuwa na njaa ya protini. Uzito ukishuka taratibu huku bomba linapanda pia usishtuke, mafuta yanaondoka.

Kama bomba halijasogea baada ya wiki nne, usikimbilie chakula kwanza. Angalia daftari, je seti zilikuwa zinaisha kwa shida kweli? Ulikuwa unalala masaa saba kila usiku? Protini ulifika au siku za katikati ya mwezi mayai yaliisha ukarudi kwenye chapati mbili? Asilimia kubwa ya watu niliowasimamia tatizo lilikuwa hapo hapo, wiki ya pesa wanakula vizuri, wiki mbili zinazofuata wanakula unga. Bora mayai mawili na mafungu ya dagaa mwezi mzima kuliko mayai matano wiki moja. Haya yote yakiwa sawa, na uzito umesimama, na bomba limesimama, hapo ndo mwili unakwambia chakula hakitoshi, ongeza kalori 200 hadi 250.

Na hata kama mambo yameenda vizuri, mwezi wa pili ongeza hizo 200, kwa sababu ukibaki 64 milele msuli nao utafika ukuta. Sio chapati lakini. Karanga kiganja kimoja, gramu 30, ni kalori 170 na protini 7, na kindizi kidogo kimoja. Kula hivyo saa kumi, uache milo mitatu kama ilivyo. Tegemea gramu 150 hadi 200 kwa wiki, sio zaidi. Ukiona wastani unapanda nusu kilo kwa wiki mbili mfululizo na kiuno kinaongezeka, toa karanga kwanza, halafu punguza mafuta ya kupikia, mayai na dagaa usiyaguse.

Ukifika kilo 65 na nusu, baada ya wiki nane tisa za kuongeza, shika bomba upige hesabu. Ukijivuta mara 6 inatoka 78.6, kutoka 73 uliyoanza nayo. Ukijivuta 4 inatoka 74.2, hiyo ni ileile ya mwanzo umebadilisha sahani tu, nitumie daftari lako la tizi tuliangalie seti kwa seti kabla hujaongeza chochote kingine.